Shajara ya mradi: joto la ethanoli linatorokea wapi?

Jumatatu

Mradi wa kundi langu la kidato cha sita muhula huu ni kupima joto la mwako wa ethanoli kwa vifaa vya kawaida vya maabara: taa ya spiriti, kopo la shaba nyekundu, kipimajoto, stendi yenye kibanio, na mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Jaribio lenyewe wanalijua. Unapima taa, unaiwasha chini ya kopo la maji, maji yakipanda nyuzi za kutosha unaizima, unaipima tena, unapiga hesabu. Namba inayotoka mara nyingi haifiki hata nusu ya ile ya kitabuni. Hapo ripoti zote huandika sentensi moja, kwamba joto limepotea kwa mazingira, na kazi imekwisha.

Mimi sitaki iishie hapo. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haisemi joto limepotea kiasi gani wala limepita njia gani, na bila hayo mawili huwezi kujua ufanye nini ili lipungue. Kwa hiyo lengo letu ni kuligawa pengo vipande vipande na kukipima kila kipande kinachopimika. Kijana mmoja aliuliza, na si vibaya kuuliza: "Mwalimu, tukishaandika kwamba joto limepotea, tunatafuta nini tena?" Nikamwambia tunatafuta mlango liliotokea.

Jaribio la kwanza tumelifanya wazi kabisa, bila kinga yoyote, ili tuwe na pa kuanzia. Maji gramu 150. Kopo la shaba lina gramu 90. Halijoto ya chumba nyuzi 29, kama ilivyo kawaida ya Dar es Salaam mchana, na maji yalikuwa yamekaa chumbani tangu asubuhi kwa hiyo nayo yalianza kwenye 29.0. Pangaboi tulizima, madirisha ya upande wa bahari tukayafunga. Kitako cha kopo kilikuwa sentimita 4 juu ya utambi. Tulikoroga polepole muda wote, na maji yalipofika 49.0 tukazima taa kwa kifuniko chake. Muda uliotumika ni dakika 6. Taa ilipungua gramu 0.98.

Hesabu ya kawaida inakwenda hivi:

```
joto la maji = 150 x 4.18 x 20 = 12 540 J = 12.54 kJ
moli za ethanoli = 0.98 / 46 = 0.0213
12.54 / 0.0213 = 589 kJ kwa moli
```

Kitabuni ni 1367. Tumepata asilimia 43. Marudio ya mpangilio huohuo yaliangukia kati ya 571 na 604, kwa hiyo tofauti kati ya jaribio na jaribio ni ndogo sana ukilinganisha na pengo lenyewe. Hilo ni jambo la kulishika mapema. Kama namba zingekuwa zinarukaruka, tungesema tatizo ni usomaji wa vifaa. Lakini zimekaa pamoja, zote chini na zote mbali. Kuna kitu kinachokula joto kila mara, kwa kiasi kilekile au karibu yake.

Ethanoli tuliyotumia ni ile kavu. Nalitaja hili kwa sababu chupa nyingi za maabara ni za asilimia 96, na ukichoma hiyo bila kurekebisha hesabu, takriban asilimia 6 ya uzito uliopungua kwenye taa ni maji. Spiriti ya zambarau ya dukani ni mbaya zaidi kwa kazi hii, maana ndani yake kuna methanoli na rangi pia, na hakuna hesabu ya moli inayosimama juu ya mchanganyiko usioujua.

Jumanne

Kipande cha kwanza ndicho chepesi: kopo lenyewe. Hesabu ya jana ilihesabu maji peke yake, lakini shaba nayo imepanda kutoka 29 hadi 49. Gramu moja ya shaba hutaka juli 0.385 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo kopo zima la gramu 90 hutaka juli 35 hivi. Kwa nyuzi 20 hiyo ni kilojuli 0.69. Ukijumlisha na ya maji, joto lililofika ni kilojuli 13.23, na jibu linapanda kutoka 589 hadi 621.

Wanafunzi wengi huliita hili nalo upotevu. Mimi nimewakatalia. Joto lililo kwenye shaba halijatoka nje. Limo ndani ya kifaa, tunajua liko wapi na tunajua kulihesabu. Kutolihesabu ni upungufu wa hesabu, na haufai kubebeshwa mazingira.

Kipande cha pili ndicho ambacho kila mtu hukifikiria anapoandika ile sentensi: maji yakishakuwa ya moto kuliko chumba, yanapoteza joto kupitia kuta za kopo na juu ya uso wa maji. Hiki kinapimika bila kuwasha taa hata kidogo. Tulipasha maji yaleyale hadi 49, tukaondoa taa, tukaendelea kukoroga na kusoma kipimajoto kila nusu dakika. Baada ya dakika 5 yalikuwa 47.3. Yameshuka nyuzi 1.7, yaani 0.34 kwa dakika, huku wastani wa tofauti yake na chumba ukiwa nyuzi 19 na kidogo.

Kasi ya kupoa, kwa tofauti ndogo kama hizi, huenda sambamba na tofauti ya halijoto kati ya kitu na chumba. Hiyo ndiyo kanuni ya Newton ya kupoa. Basi, kwa kila nyuzi moja ya tofauti:

```
k = 0.34 / 19.15 = 0.0178 kwa dakika
```

Wakati wa kupasha, maji yalianza sawa na chumba na kuishia nyuzi 20 juu yake, kwa hiyo wastani wa tofauti ulikuwa nyuzi 10. Kwa dakika 6, maji yakitaka juli 627 kupanda nyuzi moja na kopo 35:

```
nyuzi zilizopotea = 0.0178 x 10 x 6 = 1.07
joto lililopotea = 1.07 x (627 + 35) = 708 J = 0.71 kJ
```

Kilojuli 0.71. Tukiiongeza, jumla ni 13.94 na jibu ni 654 kwa moli. Bado hatujafika nusu.

Darasa lilinyamaza kidogo hapa, na nilifurahi. Gramu 0.98 za ethanoli zikiungua zote zingetoa kilojuli 29.1. Kupoa kwa maji, yaani jambo ambalo vitabu vya mazoezi hulitibu kwa kufunga kopo na pamba au kuliweka ndani ya kopo jingine, kumekula asilimia 2.4 tu ya joto hilo. Kilojuli 15 zingine hazimo kwenye maji, hazimo kwenye shaba, na hazikutoka kwenye kuta za kopo. Joto hilo halikuingia kabisa.

Na hata ile 0.71 ni makadirio ya juu. Tuliipima taa ikiwa imezimwa, wakati hewa ya chumba inagusa kuta zote za kopo. Taa ikiwaka, kitako na sehemu ya chini ya kuta zimezungukwa na gesi za moto kuliko kopo lenyewe. Sehemu hizo zinapokea joto, hazitoi. Upotevu wa kweli wakati wa kupasha lazima uwe mdogo kuliko tulivyohesabu.

Jumatano

Leo tulifuatilia joto lisiloingia. Njia rahisi ya kuliona ni kushika kipimajoto kando ya kopo, sentimita moja kutoka ukutani, usawa wa maji. Chumba ni 29. Hapo kando kipimajoto kilipanda mara moja kupita 80 na tukakiondoa kisije kikapasuka. Gesi zinatoka kwenye mwali, zinagonga kitako, zinatambaa hadi ukingoni, kisha zinapanda kando ya kopo zikiwa bado za moto. Hazina muda wa kutoa joto zilizo nalo. Mwali wenyewe nao hutoa mnururisho pande zote, na kopo linaziba upande mmoja tu, wa juu.

Tukaliweka dai hilo kwenye mtihani wa upepo. Kama joto kubwa linakwenda na gesi zinazopita, basi upepo kidogo unapaswa kuharibu jibu vibaya, na pamba ya kuzuia maji yasipoe haitasaidia chochote. Tuliwasha pangaboi kwa kasi ya chini kabisa. Mwali ulilala upande, ukawa unalamba ukingo wa kopo badala ya katikati ya kitako. Ili kupandisha nyuzi 20 zilezile tulichoma gramu 1.24, na jibu ghafi likashuka kutoka 589 hadi 465. Kisha tukazima pangaboi, tukalifunga kopo kwa pamba kuzunguka kuta, mbali na mwali. Jibu likabadilika kwa kiasi kilichomo ndani ya marudio ya kawaida, yaani huwezi kusema lilibadilika.

Nadhani hili ndilo jaribio linalofundisha kuliko yote katika mradi huu, na halihitaji kifaa cha kununua. Ukitaka kujua joto linatokea wapi, ziba mlango mmoja uone kama jibu linasogea.

Kuna sehemu moja ya pengo ambayo hakuna kinga itakayoiziba, na inafaa ihesabiwe peke yake. Ethanoli ikiungua hutoa maji:

```
C2H5OH + 3 O2 -> 2 CO2 + 3 H2O
```

Ile 1367 ya kitabuni inachukulia kwamba maji hayo yameishia kuwa ya kimiminika. Kwetu yanaondoka kama mvuke. Kila moli ya maji inayobaki mvuke huondoka na kilojuli 44 ambazo ingezitoa kama ingegeuka maji. Kwa moli tatu ni 132. Maana yake, hata kama tungekamata joto lote la gesi hadi zipoe kufikia halijoto ya chumba lakini mvuke ukabaki mvuke, tungepata 1235 na si zaidi. Karibu asilimia 10 imeondoka kabla hatujaanza kulaumu upepo.

Ukitaka kuuona mvuke huo, angalia kitako cha kopo sekunde chache za mwanzo. Shaba iliyokuwa inang'aa inafunikwa na ukungu, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo, kisha matone madogo yanajitokeza. Hapo mvuke wa mwako umekutana na shaba baridi ukageuka maji, na umeacha zile kilojuli 44 zake kwa kopo. Haupiti muda mrefu kitako kinapata moto, ukungu unakauka, na kuukausha kunadai joto lilelile kurudi. Kwa hiyo faida hiyo ni ya muda. Mwanafunzi mmoja alidhani kopo linavuja. Tulilipangusa na kulipima: halivuji.

Alhamisi

Leo kinga. Tulikata bati la kopo kubwa la maziwa, tukalizungusha kuizunguka taa na kopo, tukaliacha wazi chini kwa matundu ya kupitisha hewa na juu kukabaki nafasi ya nusu sentimita kati ya kopo na bati. Ndani tulilibandika karatasi ya aluminiamu, upande unaong'aa ukitazama ndani. Kopo likapata mfuniko wa kadibodi wenye tundu la kipimajoto na la kikorogeo. Tukashusha kopo hadi sentimita 2 juu ya utambi.

Bati linafanya kazi mbili. Linazuia hewa ya chumba isisukume mwali, na linazilazimisha gesi za moto kupanda zikiwa zimebanwa karibu na kuta za kopo, kwa hiyo sasa kuta nazo zinapokea joto. Aluminiamu inarudisha sehemu ya mnururisho. Mfuniko unapunguza kupoa kwa juu. Tulirudia kipimo cha kupoa tukapata k ya 0.011, kutoka 0.0178.

Matokeo: nyuzi 20 zilezile zilipatikana kwa dakika 4 na nusu na gramu 0.71 tu.

```
joto la maji na kopo = 13.23 kJ
kupoa: 0.011 x 10 x 4.5 = 0.50 nyuzi = 0.33 kJ
jumla = 13.56 kJ
moli = 0.71 / 46 = 0.01543
jibu = 879 kJ kwa moli
```

Kutoka 654 hadi 879. Marudio yamekaa kati ya 870 na 887, maana mwali haupepesuki tena. Tumefika asilimia 64 ya ile ya kitabuni.

Kundi lilitaka kushusha kopo zaidi, wakisema kama sentimita 2 ni nzuri basi 1 itakuwa bora. Nikawaacha wajaribu. Kwa sentimita 1 mwali uligonga kitako kabla haujamaliza kuungua, ukageuka wa njano kwenye kingo, na tulipolitoa kopo kitako kilikuwa cheusi. Gramu zilizotumika ni 0.79, jibu 790. Limeshuka. Shaba baridi imeuzima mwali sehemu ya juu, na ethanoli nyingine imeishia kuwa masizi badala ya kaboni dioksidi.

Hapa nilitaka waone kwamba masizi nayo yanapimika. Kopo lililo kavu, kabla na baada, lilitofautiana gramu 0.01, ambao ndio mwisho wa uwezo wa mizani yetu. Gramu moja ya kaboni ikiungua hutoa kilojuli 33 hivi, kwa hiyo masizi yale yana kilojuli 0.3. Lakini jibu limeshuka kwa zaidi ya hapo: gramu 0.08 za ziada za ethanoli ni kilojuli 2.4. Masizi tunayoyaona ni dalili tu. Penye masizi pana kaboni monoksidi pia, na kila moli yake inaondoka na kilojuli 283 ambazo hazikutolewa, na haina rangi wala harufu ya kukuonya. Hatuna kifaa cha kuipima, kwa hiyo tunachoweza kusema ni kwamba kitako kikiwa safi na mwali ukiwa wa samawati, sehemu hiyo ni ndogo. Na madirisha yakae wazi baada ya kila jaribio.

Tena hili si joto kupotea kwa mazingira. Joto hilo halikuzaliwa. Mwandishi wa ripoti anayeyachanganya haya mawili ataongeza kinga juu ya kinga, azibe na matundu ya hewa kabisa, halafu ashangae kwa nini jibu linazidi kushuka. Tuliziba nusu ya matundu ya chini ili walione: mwali ulirefuka, ukawa wa njano, kitako kikaingia masizi.

Ijumaa

Kazi ndogo ndogo. Ya kwanza ni taa. Tuliizima, tukaiacha bila kifuniko dakika 5 juu ya mizani. Ilipungua gramu 0.02, maana utambi ni wa moto na ethanoli inavukiza haraka. Gramu 0.02 ni kilojuli 0.6, yaani karibu mara mbili ya kupoa kote kulikotokea ndani ya kinga ya jana. Mtu anayepima taa baada ya kuandika daftari, badala ya kabla, anajipunguzia jibu kwa asilimia karibu 3, na ripoti yake itasema joto limepotea kwa mazingira. Utaratibu wetu sasa ni kufunika taa mara tu mwali unapozimwa, na kuipima ikiwa imefunikwa, kabla na baada.

Ya pili ni mbinu ya barafu. Mmoja alisoma kwamba ukianza na maji yaliyo nyuzi 10 chini ya chumba na kumalizia nyuzi 10 juu, joto linaloingia nusu ya kwanza hufuta linalotoka nusu ya pili. Ni mbinu ya zamani, inahusishwa na Rumford, na kwa jaribio la asidi na besi ndani ya kikombe cha plastiki inafaa sana, kwa sababu huko kupoa kwa kikombe ndiyo njia kuu ya upotevu. Kwetu ina matatizo mawili. Kwanza inatibu kipande kisichozidi asilimia 2.4. Pili, huku pwani hewa ina unyevu mwingi. Maji ya nyuzi 19 ndani ya kopo la shaba, na nje likatoa jasho kabla hata hatujawasha taa. Kila tone linalojikusanya hapo limetoa joto lake kwa kopo, halafu mwali utadaiwa kulikausha tena, na hakuna moja kati ya hayo lililomo kwenye hesabu yetu. Tulilipangusa kopo, likatoa jasho tena. Tumeiacha mbinu hiyo kwa miji ya hewa kavu.

Baada ya hapo tulikaa na kuandika mgawanyo wa 1367 kwa mpangilio wa kinga. 879 tumezikamata na kuzihesabu, zikiwemo za kopo na za kupoa. 132 zimeondoka na mvuke wa maji. Zinabaki 356, ambazo ni gesi zilizotoka juu ya bati zikiwa bado za moto, bati lenyewe lililopata moto hadi halishikiki, na kiasi kisichojulikana cha mwako usiokamilika. Hizi hatuwezi kuzitenganisha kwa vifaa tulivyonavyo, na kwenye ripoti tumeandika hivyo, kama fungu moja.

Jumatatu iliyofuata

Swali lililobaki ni la kiutendaji. Kama asilimia 36 haikamatiki, je, kifaa hiki kinafaa kwa lolote?

Wanaopima kwa usahihi hutumia kalorimita ya bomu: chombo kinene cha chuma kinachojazwa oksijeni kwa shinikizo, kikafungwa, kikazamishwa kwenye maji. Mwako unatokea ndani, gesi hazina pa kutokea, mvuke unageuka maji palepale. Mkemia Mfaransa Berthelot ndiye aliyekiendeleza chombo hicho karne ya 19. Hata hivyo, wenye bomu nao hawakai kuhesabu kila juli inayotoroka. Wanachoma kwanza kitu ambacho joto lake linajulikana kwa uhakika, kwa kawaida asidi ya benzoiki yenye kilojuli 26.4 kwa gramu, wanaona kipimajoto kimepanda kiasi gani, na kuanzia hapo kifaa chao kimeshajulikana.

Tumefanya vivyo hivyo kwa bati letu la maziwa. Ethanoli ndiyo kipimo chetu cha kujua kifaa: kinakamata 879 kati ya 1367, yaani 0.643. Kisha, bila kubadilisha kitu chochote, si urefu wa kopo, si kiasi cha maji, si utambi, tulijaza taa nyingine propan-1-oli. Nyuzi 20 zikapatikana kwa gramu 0.64. Muda ulikuwa ule ule au karibu yake, kwa hiyo marekebisho ya kupoa tumeyaacha 0.33.

```
moli = 0.64 / 60.1 = 0.01065
kilichokamatwa = 13.56 / 0.01065 = 1273 kJ kwa moli
kwa kifaa kinachokamata 0.643: 1273 / 0.643 = 1980 kJ kwa moli
```

Kitabuni ni 2021. Tumekosa kwa asilimia 2, kwa taa ya spiriti na bati la maziwa. Mizani peke yake, ikikosea gramu 0.01 katika 0.64, inaleta asilimia 1.6, kwa hiyo sioni sababu ya kutafuta maelezo makubwa zaidi. Kitako kilikuwa na masizi mepesi ambayo ethanoli haikuacha, na hilo linaelekeza kule kule ambako kosa limeelekea, chini.

Masharti ya mbinu hii ni makali kidogo, na tumeyaandika ubaoni. Mwali wa mafuta ya pili lazima ufanane na wa kwanza kwa urefu na rangi, la sivyo sehemu inayokamatwa haitakuwa 0.643 tena. Kwa butan-1-oli mwali ulikuwa mrefu na wa njano, kitako kikawa cheusi, na jibu lilishuka mno kiasi kwamba tumelifuta kwenye jedwali. Tutalirudia kwa utambi mfupi zaidi hadi mwali ulingane.

Methanoli imekataliwa na uongozi wa maabara kwa sababu mwali wake hauonekani vizuri mchana na mvuke wake ni sumu. Sikubishana. Kilichobaki kwenye orodha ya wiki hii ni kukata utambi wa butanoli, kutafuta bati jipya maana hili limeanza kupinda, na kila mmoja kuandika upya aya yake ya vyanzo vya tofauti akiweka namba mbele ya kila chanzo. Ambacho hakina namba kiandikwe kwamba hakijapimwa.